Sura ya 9: Sauti Inavyogeuzwa Kuwa Tarakimu

Katika sura iliyopita ulijifunza kwamba sauti ni mtetemo. Ngoma ikipigwa, ngozi yake hutetemeka. Mtetemo huo husukuma hewa, na hewa husukuma kiwambo kilichomo ndani ya sikio lako. Ulijifunza pia kwamba kitu kinachotetemeka upesi hutoa sauti nyembamba, na kitu kinachotetemeka polepole hutoa sauti nzito.

Sasa fikiri juu ya simu au kompyuta inayohifadhi wimbo. Ukiifungua, hutaona hewa iliyofungiwa humo, wala hutaona kitu kinachotetemeka. Ndani yake mna tarakimu tu. Je, sauti huwezaje kugeuka kuwa tarakimu, kisha tarakimu zikageuka tena kuwa sauti? Na je, maandishi kama "44.1 kHz", "16-bit" na "128 kbps", ambayo huonekana kwenye vyombo vya kunasa sauti, yana maana gani? Katika sura hii utajibu maswali hayo kwa kutumia karatasi, penseli na rula.

JARIBIO LA 1: Kupeleka wimbi kwa tarakimu

Vitu vinavyohitajika: karatasi mbili kubwa, penseli, rula.

Fanya jaribio hili pamoja na mwenzako, lakini mwenzako asione karatasi yako.

(a) Laza karatasi yako. Chora mstari mnyoofu wenye urefu wa sentimeta 24. Weka alama kila baada ya sentimeta moja, kuanzia 0 hadi 24.

(b) Juu ya alama tisa za kwanza, weka nukta kwa vimo hivi vya sentimeta:

Alama ya 0: kimo 4
Alama ya 1: kimo 6.8
Alama ya 2: kimo 8
Alama ya 3: kimo 6.8
Alama ya 4: kimo 4
Alama ya 5: kimo 1.2
Alama ya 6: kimo 0
Alama ya 7: kimo 1.2
Alama ya 8: kimo 4

(c) Endelea kwa mpangilio huo huo kuanzia alama ya 8 hadi 16, kisha kuanzia 16 hadi 24. Unganisha nukta zote kwa mkono, bila kona kali. Umepata mawimbi matatu yanayofanana.

(d) Msomee mwenzako tarakimu zako, moja baada ya nyingine. Yeye aweke nukta kwenye karatasi yake na kuziunganisha.

Linganisha karatasi zenu. Mnaona nini? Wimbi la mwenzako linafanana na lako, ingawa hukumwonyesha mchoro. Ulimpelekea tarakimu tu.

Kifaa cha kunasa sauti hufanya kazi kama hiyo. Katika mchoro wako, mstari wa chini ni muda unaopita, na kimo cha nukta ni jinsi hewa inavyokisukuma kiwambo cha kipaza sauti. Kifaa hupima kimo hicho, huandika tarakimu, hupima tena, huandika tena. Kila kipimo kimoja huitwa sampuli. Wakati wa kusikiliza, kifaa huzisoma sampuli zote kwa utaratibu na kulichora wimbi upya. Lakini hakitumii penseli, bali hutikisa karatasi ya spika, nayo spika hutikisa hewa.

Kupima mara ngapi?

Kupima kila sentimeta ni kazi nyingi. Je, tukipima mara chache, tutapoteza nini?

JARIBIO LA 2: Kupima kwa nafasi kubwa

Tumia mchoro wako wa mawimbi matatu. Safari hii msomee mwenzako vimo vya alama ya 0, 6, 12, 18 na 24 tu. Vimo hivyo ni 4, 0, 4, 8 na 4. Mwenzako aweke nukta hizo tano kwenye karatasi mpya, kisha aziunganishe kwa mkono bila kona kali.

Hesabu mawimbi yaliyomo katika karatasi yake. Ni wimbi moja tu! Linashuka mara moja, linapanda mara moja, kisha linarudi pale lilipoanzia. Mawimbi matatu ya upesi yamegeuka kuwa wimbi moja la polepole. Kama ingekuwa sauti, sauti nyembamba ingegeuka kuwa sauti nzito, na msikilizaji angesikia sauti ambayo hakuna mtu aliyeitoa.

Jaribu tena kwa kupima kila baada ya sentimeta 4. Vimo vyote utakavyopata ni 4. Mwenzako atachora mstari mnyoofu. Sauti imepotea kabisa.

Sababu ni rahisi. Wimbi moja lina kilele na bonde. Ili kulitambua wimbi, ni lazima ulipime zaidi ya mara mbili kabla halijakwisha. Ukipima mara mbili tu au pungufu, huwezi kujua kama ulivuka kilele au bonde bila kuliona. Hii ndiyo kanuni kubwa ya kunasa sauti kwa tarakimu: idadi ya sampuli kwa sekunde lazima izidi mara mbili ya idadi ya mitetemo kwa sekunde ya sauti nyembamba kuliko zote unazotaka kuhifadhi.

Idadi ya sampuli zinazochukuliwa kwa sekunde moja huitwa kasi ya sampuli. Hupimwa kwa hezi. Hezi 1,000 ni kilohezi moja, na kwenye kioo cha kifaa huandikwa "kHz".

Sikio la kijana mwenye afya njema husikia mitetemo kuanzia kama 20 hadi kama 20,000 kwa sekunde. Mara mbili ya 20,000 ni 40,000. Kwa hiyo kasi ya sampuli inayozidi kidogo 40,000 inatosha kuhifadhi kila sauti tunayoweza kusikia. Santuri ndogo inayong'aa iitwayo sidii, ambayo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde. Hii ndiyo "44.1 kHz".

Huenda ukajiuliza kwa nini ni 44,100 na siyo 44,000. Kabla ya sidii kuanza kuuzwa, mafundi walihifadhi tarakimu za sauti katika mikanda ya video. Katika mitambo ya aina moja, kila mstari wa picha uliwekwa sampuli 3. Mistari iliyotumika katika kila fungu la picha ilikuwa 245, na mafungu 60 yalipita kila sekunde. Zidisha mwenyewe: 3 × 245 × 60. Umepata ngapi?

Simu za kawaida za mezani, zinapotumia tarakimu, huchukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde. Nusu ya 8,000 ni 4,000. Sauti yenye mitetemo inayozidi 4,000 kwa sekunde haipiti katika simu hiyo. Sauti za herufi "s" na "f" zina mitetemo mingi ya upesi. Kwa hiyo mtu akitaja jina geni kwa simu, ni rahisi kuchanganya "s" na "f", na humlazimu kutaja herufi moja moja.

Vifaa vizuri huchuja kwanza sauti nyembamba kupita kiasi, ndipo huanza kupima. Bila chujio hilo, sauti hizo zingegeuka kuwa sauti za uongo, kama ulivyoona katika Jaribio la 2.

Rula yenye alama ngapi?

Katika Jaribio la 1 ulitumia rula yenye alama za milimeta. Kati ya 0 na sentimeta 8, rula hiyo ina alama 81. Sasa utatumia rula mbaya zaidi.

JARIBIO LA 3: Rula yenye alama nne

Kata ukanda wa karatasi ngumu. Weka alama nne tu: 0, 3, 6 na 9. Pima tena wimbi lako la kwanza kila sentimeta kwa ukanda huo. Kimo kikiwa kati ya alama mbili, andika alama iliyo karibu zaidi.

Utapata tarakimu hizi: 3, 6, 9, 6, 3, 0, 0, 0, 3.

Mwenzako akizichora, wimbi litaonekana, lakini limeharibika. Kilele kimepanda mno, na bonde limekuwa sakafu tambarare. Tofauti kati ya kimo cha kweli na kimo kilichoandikwa ni kosa. Katika sauti, makosa hayo husikika kama mkwaruzo au mchakacho unaofuatana na wimbo.

Sasa chora wimbi dogo sana, ambalo vimo vyake havishuki chini ya sentimeta 3.6 wala havipandi juu ya 4.4. Wimbi hili ni kama mnong'ono. Lipime kwa ukanda wako. Kila kipimo ni 3! Mnong'ono umetoweka, ingawa ulipima mara nyingi. Kumbuka jambo hili: rula yenye alama chache huziumiza zaidi sauti ndogo.

Kompyuta huandika tarakimu zake kwa kutumia 0 na 1 tu. Kila 0 au 1 huitwa biti. Biti ni kama taa: ama imewashwa, ama imezimwa. Biti moja inaweza kutaja vimo viwili. Biti mbili zinaweza kutaja vimo vinne: 00, 01, 10 na 11. Ukanda wako wa alama nne ni rula ya biti mbili. Kila unapoongeza biti moja, idadi ya vimo huzidishwa kwa mbili:

Biti 3: vimo 8
Biti 6: vimo 64
Biti 7: vimo 128
Biti 8: vimo 256
Biti 16: vimo 65,536

Rula yako ya milimeta, yenye alama 81, ingehitaji biti 7, kwa kuwa biti 6 hazitoshi. Idadi ya biti zinazotumika kuandika sampuli moja huitwa kina cha biti. Kwenye kifaa huandikwa "8-bit", "16-bit" au "24-bit". Sidii hutumia biti 16. Kama ungechora alama 65,536 katika sentimeta zako 8, nafasi kati ya alama na alama ingekuwa ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele.

Mafundi wanaponasa sauti hupenda biti 24, kwa sababu hawajui kabla mwimbaji ataimba kwa nguvu kiasi gani. Huacha nafasi juu, na bado sauti ndogo hupimwa vizuri. Lakini kwa kusikiliza tu, biti 16 zinatosha masikio yetu.

Biti ngapi kwa sekunde?

Sasa unajua mambo mawili: kasi ya sampuli ni mara ngapi tunapima, na kina cha biti ni wingi wa alama za rula. Ukizidisha mambo hayo mawili, utapata la tatu. Sidii ina njia mbili za sauti, moja ya sikio la kushoto na moja ya sikio la kulia. Kwa hiyo:

44,100 × 16 × 2 = 1,411,200

Biti 1,411,200 hupita kila sekunde. Idadi hii huitwa kasi ya biti. Biti 1,000 kwa sekunde huandikwa "1 kbps". Basi kasi ya biti ya sidii ni kama "1411 kbps".

Biti 8 hufanya baiti moja, na baiti 1,000,000 hufanya megabaiti moja. Ili kujua ukubwa wa sauti iliyohifadhiwa, zidisha kasi ya biti kwa idadi ya sekunde, kisha gawanya kwa 8. Dakika moja ya sidii ni 1,411,200 × 60 ÷ 8, yaani baiti 10,584,000. Hiyo ni zaidi ya megabaiti 10.

Hata hivyo, faili nyingi za muziki huandikwa "128 kbps", kasi iliyo ndogo mara 11 kuliko ya sidii. Inawezekanaje? Faili hizo zimebanwa. Kompyuta huzichunguza sampuli na kuacha habari za sauti ambazo sikio halingezisikia vema. Ngoma kubwa ikipigwa karibu nawe, husikii mbu anayelia wakati ule ule. Kompyuta humwacha mbu na kuihifadhi ngoma. Njia inayojulikana sana ya kubana hivyo ilitengenezwa hasa na wataalamu wa Ujerumani, na tangu mwaka 1995 majina ya faili zake huishia na ".mp3".

Lakini kubana kuna mpaka. Ukiipa kompyuta biti chache mno, italazimika kuacha hata sauti unazozisikia. Na sauti iliyoachwa haiwezi kurudishwa.

Rekodi ya bibi yake Asha

Tuseme Asha aliazima kinasa sauti kwa mwalimu wake. Alinasa hadithi ya bibi yake kwa dakika 10. Katikati ya hadithi, bibi aliimba huku akitikisa kayamba. Kifaa kilionyesha "44.1 kHz", "16-bit", njia moja ya sauti. Kasi ya biti ilikuwa 44,100 × 16 × 1, yaani 705,600. Dakika 10 ni sekunde 600. Kwa hiyo faili ilikuwa:

705,600 × 600 ÷ 8 = baiti 52,920,000, karibu megabaiti 53.

Asha alitaka kuihamishia faili hiyo katika kadi ya simu ya mjomba wake, kisha akirudishe kifaa. Kadi ilikuwa imebakiwa na megabaiti 20 tu. Mjomba akasema, "Tuibane, mwanangu." Akachagua kasi ndogo kuliko zote alizoziona, "32 kbps". Faili ikawa 32,000 × 600 ÷ 8, yaani megabaiti 2.4. Ikaingia bila taabu. Asha alifuta rekodi ya kwanza na kukirudisha kifaa.

Walipoisikiliza, maneno yalieleweka. Lakini kila herufi "s" ilisikika kama maji yanayochuruzika, na mlio wa kayamba ulikuwa mvumo usioeleweka. Jirani mmoja alisema, "Mimi nitaitengeneza." Akaihifadhi upya kwa "320 kbps". Faili ikawa megabaiti 24, kubwa mara kumi kuliko ile ya mjomba. Walisikiliza tena. Kayamba halikurudi.

Kwa nini? Kumbuka Jaribio la 3. Mwenzako amekwisha kuchora wimbi bovu kutokana na ukanda wa alama nne. Sasa wewe upime mchoro wake kwa rula nzuri ya milimeta. Utapata tarakimu nzuri sana za wimbi bovu. Hivyo ndivyo jirani alivyofanya. Namba kubwa kwenye faili hueleza jinsi ilivyohifadhiwa mara ya mwisho. Haielezi yaliyoipata kabla ya hapo.

Mwaka uliofuata bibi alifariki. Rekodi ile ndiyo iliyobaki.

Je, Asha na mjomba wangefanya nini? Tupige hesabu waliyoiacha. Kwa "128 kbps", faili ingekuwa 128,000 × 600 ÷ 8 = baiti 9,600,000, yaani megabaiti 9.6. Ingeingia katika nafasi ya megabaiti 20 na kubakiza nafasi. Na kwa njia moja ya sauti, kasi hiyo ingemhifadhi bibi na kayamba lake vizuri. Tena, kabla ya kuifuta rekodi ya kwanza, ilikuwa lazima waisikilize nakala.

Jinsi ya kutambua sauti iliyobanwa kupita kiasi

Usisikilize ngoma wala sauti nzito, kwa maana hizo huharibika mwisho. Sikiliza herufi "s" na "sh", makofi, kayamba na njuga. Zikisikika kama zinatoka majini, biti zilikuwa chache mno. Sauti ikiwa kama ya simu, kasi ya sampuli ilikuwa ndogo. Ukisikia mchakacho wakati mtu anaposema kwa sauti ya chini, huenda kina cha biti kilikuwa kidogo.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kasi ya sampuli ni mara ngapi sauti hupimwa kwa sekunde. Huamua sauti nyembamba ya mwisho inayoweza kuhifadhiwa.
2. Kina cha biti ni wingi wa alama za rula. Huamua jinsi sauti ndogo zinavyohifadhiwa.
3. Kasi ya biti ni idadi ya biti zinazotumika kwa sekunde. Huamua ukubwa wa faili na, kama faili imebanwa, kiasi cha sauti kilichosalia.
4. Kilichopotea hakirudishwi kwa kuongeza namba. Hifadhi rekodi ya kwanza, na nakala zote zitoke kwayo.

MASWALI

1. Kifaa huchukua sampuli 16,000 kwa sekunde. Je, kinaweza kuhifadhi sauti yenye mitetemo 10,000 kwa sekunde? Toa sababu.
2. Kifaa hicho hutumia biti 16 na njia moja ya sauti. Tafuta kasi yake ya biti.
3. Rula ya biti 5 ina alama ngapi?
4. Hotuba ya dakika 8 imehifadhiwa kwa "64 kbps". Tafuta ukubwa wake kwa baiti.
5. Mwenzako ana faili mbili za wimbo mmoja. Moja imeandikwa "128 kbps" na ilitolewa kwenye sidii. Nyingine imeandikwa "320 kbps" na ilitolewa kwenye faili ya "32 kbps". Ungechagua ipi? Eleza kwa kutumia mfano wa rula.